Bolti ya oili, mtungi wa maji na spana niliyoinunua kimakosa

Bolti ililegea mkononi mwangu huku naikaza.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, hapa nyumbani Kisauni, pikipiki imesimama barazani juu ya kipande cha boksi. Oili ya zamani nilikuwa nishaimwaga ndani ya beseni, nyeusi kama masizi. Nikairudisha bolti ya kumwagia oili kwa vidole, nikaitia soketi ya 17, nikaanza kuvuta. Mkono ukahisi ugumu unapanda, unazidi kupanda, kama inavyotakiwa. Halafu ugumu ukakoma. Racheti iliendelea kuzunguka, lakini haikuwa inakaza kitu tena.

Nikasimama. Nikavuta tena kidogo, kwa hofu, na bolti ikazunguka kama kifuniko cha chupa ambacho kimeshakatika.

Meno yameisha.

Tangu siku ile ni wiki saba, na pikipiki ishatengenezwa, inanipeleka kazini na kunirudisha kupitia daraja la Nyali kama kawaida. Lakini jambo hili halijanitoka kichwani. Si kwa sababu ya gharama. Ni kwa sababu nilikuwa nimenunua vifaa ili pikipiki yangu ishikwe kwa uangalifu, na siku ya kwanza ya kubadilisha oili mwenyewe nikaharibu kitu ambacho hakikuwahi kuharibika barabarani.

Au pengine kilikuwa kishaharibika. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi: je, ni mimi, au ni mikono iliyopita pale kabla yangu?

Rangi mbili

Nilipoitoa bolti ilikuja na kitu. Kwenye meno yake kulikuwa na uzi mwembamba wa alumini uliojisokota, mfano wa tambi iliyozungushwa kwenye uma. Yale yalikuwa meno ya injini. Bolti ni ya chuma, kesi ya injini ni ya alumini, na vitu viwili hivyo vikishindana, kinachosalimu amri ni alumini. Bolti yenyewe haikuwa na mkwaruzo wowote.

Nikampigia simu ami yangu. Amestaafu, lakini miaka yake yote aliimalizia kwenye karakana kule bandarini Kilindini, na mpaka leo hawezi kupita kwenye chuma kilichofunguka asikiiname kukitazama. Akaja baada ya magharibi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hebu nipe hiyo bolti."

Akaifuta kwa kitambaa, akaiweka chini ya taa, akaizungusha polepole. Kisha akaniita nisogee.

"Waona rangi mbili hapa?"

Nikaona. Sehemu ya ule uzi wa alumini ilikuwa inang'aa kama fedha, imekatika saa hiyo hiyo. Lakini sehemu nyingine, ile iliyokuwa karibu na kichwa cha bolti, ilikuwa ya kijivu iliyoiva, imeshiba oili hadi imekuwa nyeusi kwenye mikunjo. Alumini iliyokatika leo haiwezi kuwa na rangi ile. Meno yale yalikuwa yamekatika zamani, na bolti ilikuwa inashikiliwa na meno matatu au manne tu ya ndani.

Kisha akaniuliza washa iko wapi. Nikampa. Ilikuwa imebanwa hadi imekuwa nyembamba kama karatasi upande mmoja, na uso wake umechimbika duara la kichwa cha bolti. Ile washa haikuwahi kubadilishwa. Washa laini ya alumini au shaba kazi yake ni kubonyea mara moja na kuziba. Ikishabonyea haizibi vizuri tena, basi oili inaanza kutoka jasho, na mtu anayeona jasho la oili anafanya nini? Anaongeza nguvu. Safari ijayo anaongeza tena. Kila mwezi robo mzunguko, hadi siku moja meno yanachoka.

"Kwa hivyo si mimi," nikasema.

Ami hakunijibu hapo hapo. Akachukua racheti yangu, akaipima kwa shubiri.

"Walioanza si wewe. Lakini na hii wataka kufungia bolti ya oili?"

Urefu wa mpini

Racheti yangu ilikuwa ya nusu inchi, yaani ile ncha ya mraba inayoingia kwenye soketi ina upana wa nusu inchi. Mpini wake ni karibu sentimita 40. Niliipenda dukani kwa sababu ilikuwa nzito na ilionekana ya kudumu.

Kitabu cha pikipiki yangu kinasema bolti ya oili ikazwe kwa nyutoni mita 25. Namba hiyo maana yake ni nguvu mara urefu. Ukivuta kwa uzito wa kilo moja kwenye mpini wa mita moja, umetia karibu nyutoni mita 10. Basi kwa mpini wangu wa sentimita 40, nyutoni mita 25 zinapatikana kwa kuvuta uzito wa kilo sita na nusu hivi. Hiyo ni nguvu ya kubebea mfuko wa unga kwa mkono mmoja. Mtu mzima akiinama na kukaza "vizuri", bila kujitahidi sana, anavuta kilo 20. Kwenye mpini ule, kilo 20 ni karibu nyutoni mita 80, zaidi ya mara tatu ya kinachotakiwa.

Sasa chukua racheti ndogo ya tatu kwa nane ya inchi, yenye mpini wa sentimita 20. Ili ufike 25 inakubidi uvute karibu kilo 13. Hapo mkono unahisi kazi inafanyika. Mpini mfupi unakupa onyo kabla ya hasara, mpini mrefu unakupa hasara kabla ya onyo.

Nimeyarudia mahesabu haya mara nyingi usiku, na jibu langu kwa lile swali ni kwamba sote tulihusika. Waliotangulia walikata nusu ya meno kidogo kidogo. Mimi nikamaliza nusu iliyobaki kwa mvuto mmoja, kwa kifaa ambacho hakikufaa pale.

Soketi ninazozitumia kweli

Kabla ya haya nilikuwa na sanduku la plastiki la vipande zaidi ya mia. Ukilifungua linapendeza, kila kitu kimelala mahali pake. Miezi sita baadaye nililifungua nikatazama ni soketi gani zina alama za mikono. Zilikuwa saba. Nyingine zote zilikuwa mpya, isipokuwa kutu, maana hewa yetu ya chumvi haichagui kilichotumika na kisichotumika.

Pikipiki nyingi tunazoendesha hapa, za injini ya cc 100 hadi 150, zimejengwa kwa vipimo vya milimita, na vichwa vya bolti zake vinarudia namba zile zile: 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Nane ni ya vifuniko vya injini na plastiki. Kumi utaitumia kuliko zote, kwenye betri, tangi, kebo na vifuniko. Kumi na mbili na 14 ziko kwenye vishikizo vya injini, ekzosi, breki na miguu ya kukanyagia. Kumi na saba na 19 ni za bolti ya oili na akseli. Akseli ya nyuma huenda ikahitaji 22 au 24, basi pima yako kwanza ndipo ununue. Soketi za 15, 16, 18, 20 na 21 zinazojaza sanduku kubwa karibu hazina kazi, na zile za inchi hazina kazi kabisa.

Zaidi ya hizo nunua soketi moja ya plagi, ile ndefu yenye mpira ndani wa kuishika plagi isianguke. Hapa usikisie. Plagi za pikipiki zina vichwa vya vipimo tofauti, 16 na 18 ndizo za kawaida, na soketi ya 18 kwenye plagi ya 16 inaweza kuvunja kauri nyeupe kabla hujajua kilichotokea. Peleka plagi ya zamani dukani, uijaribu pale pale kaunta.

Zote hizi, ukiacha ile ya akseli, nunua za ncha ya tatu kwa nane. Robo inchi ni dhaifu kwa 17. Nusu inchi nishaieleza.

Kuna jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Igeuze soketi utazame tundu lake. Utaona ama pembe 6 ama pembe 12. Ya pembe 12 ni rahisi kuiingiza kwa sababu inakubali kichwa cha bolti kwa pande nyingi, ndiyo maana imejaa kwenye masanduku ya bei nafuu. Lakini inashika kichwa karibu na kona zake tu. Ya pembe 6 inabana zile nyuso bapa. Kwenye bolti mpya hutaona tofauti. Kwenye bolti iliyokaa miaka mitatu Mombasa, kona zake zimeliwa na kutu kidogo, ile ya pembe 12 itateleza na kukiacha kichwa kimeviringika kama kidonge. Kwa hapa kwetu sinunui tena pembe 12, hata zikiwa za bure.

Ongeza racheti moja fupi, mkono wa kurefushia wa sentimita 15, na spana ya T ya 10. Hiyo ya T mafundi wa kijiweni wanaipenda kwa sababu. Inakimbia haraka, na mpini wake mfupi wa pande mbili haukuruhusu kukaza kupita kiasi kwa urahisi.

Bisibisi na koleo kila mtu ana zake, sitaziandikia.

Spana niliyoinunua kimakosa

Baada ya ile Jumapili niliamua kununua toki renchi, spana yenye kipimo, unayoiwekea namba na ikifika namba ile inalia "tak" na mpini unalegea kidogo mkononi. Nikaenda madukani upande wa Mwembe Tayari siku ya Jumamosi. Nikaona moja ndefu, inang'aa, iko ndani ya sanduku lake jekundu. Muuzaji akanambia hii ndiyo wanayonunua mafundi wa magari. Nikalipa pesa ambazo nilikuwa nimeziwekea tairi la nyuma.

Nikampelekea ami kwa furaha. Hakuifungua hata. Alisoma maandishi ya juu ya sanduku.

"Yaanzia ngapi hii?"

Nikatazama. Ilikuwa imeandikwa 28 hadi 210.

"Na bolti yako yataka ngapi?"

Ishirini na tano.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimenunua kipimo ambacho hakiwezi kupima kile kitu hasa nilichokinunulia. Na hata ningetaka 30, bado ingekuwa pabaya, kwa sababu spana za aina hii huaminika kuanzia karibu asilimia 20 ya namba yake kubwa kwenda juu. Asilimia 20 ya 210 ni 42. Chini ya hapo springi ya ndani imelegea mno, na mlio wake unakuwa hafifu kiasi kwamba unaweza kupitwa nao.

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka. Nilidhani toki renchi ni ya kukazia vitu vikubwa, vile vinavyotaka nguvu nyingi. Kwenye pikipiki ndogo ni kinyume. Nati kubwa ya akseli ni chuma ndani ya chuma, inavumilia makosa ya mkono. Kinachohitaji kipimo ni kile kidogo, kilichoingia ndani ya alumini, ambacho nafasi kati ya "bado" na "imekufa" ni ndogo kuliko hisia za mkono uliochoka.

Duka halikukubali kuibadilisha. Nikangoja mwisho wa mwezi nikanunua nyingine, ya tatu kwa nane, ya 10 hadi 60. Si maridadi. Kwa mmiliki wa pikipiki ya cc 150, kama ananunua moja tu maishani, ni ya kipimo hicho au kilicho karibu nacho.

Mtungi wa maji

Lakini nitajuaje kama inasema kweli? Nilishaumia mara mbili, sikutaka kuamini maandishi tena.

Ami ana jiriwa la zamani nyuma ya nyumba yake. Tukaibana ile ncha ya mraba kwenye jiriwa, spana ikalala usawa kama mkono ulionyooshwa. Tukaiweka kwenye 25. Tukapima kwa utepe kutoka katikati ya ncha hadi katikati ya mpini, pale mkono unapokaa, ikawa sentimita 30. Pale pale tukaning'iniza mtungi mdogo wa maji kwa kamba, ule wa njano wa lita kumi. Nikawa namimina maji kwa kikombe.

Kikombe baada ya kikombe. Ami ameweka kidole juu ya mpini.

Tak.

Tukaushusha mtungi, nikaupeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Kilo 8 pamoja na mtungi na kamba. Hesabu yenyewe ni fupi, uzito mara mvuto wa dunia mara urefu kwa mita:

```
8 × 9.8 × 0.30 = 23.5 Nm
```

Spana yenyewe nayo ina uzito wake unaovuta chini. Yangu ni gramu 800, na uzito huo ni kama umekaa sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Hiyo inaongeza karibu 1.2. Jumla ni 24.7, na tuliiwekea 25. Spana nzuri za aina hii huruhusiwa kukosea kwa asilimia 4 juu au chini, na yetu haikufika hata 2.

Tukarudia mara tatu, na mara zote ililia karibu na kikombe kile kile. Hilo la kurudia ndilo la kutazama zaidi. Spana inayolia leo kwenye kilo 8 na kesho kwenye 11 haifai, hata kama kuna siku moja ilipatia.

Jaribio hili halina usahihi wa maabara. Linatosha kukuonyesha spana inayodanganya vibaya, na za kudanganya ziko nyingi, hasa za mtumba zilizohifadhiwa miaka mingi springi ikiwa imebanwa. Ndiyo maana ukimaliza kazi unairudisha kwenye namba yake ya chini kabisa, isikae na mzigo. Wala usiitumie kufungulia bolti zilizoshika. Hiyo ni kazi ya racheti.

Mlio usiokuja

Kuna jambo ami alinieleza siku ile ambalo nalitia mkazo kwa yeyote atakayenunua kifaa hiki. Toki renchi haijui kama meno ni mazima. Kama Jumapili ile ningekuwa nayo, na meno yamebaki manne yaliyochoka, isingelia kamwe. Ningevuta, nikavuta, nikingoja mlio, na bolti ingezidi kuzunguka hadi mwisho.

Basi mlio si peke yake. Mkono nao usikilize. Bolti ikishagusa washa mpya, inatakiwa ifike kwenye kipimo ndani ya robo hadi nusu mzunguko hivi. Ikipita hapo bado inakwenda, na ugumu hauongezeki, acha. Usimalizie. Ukiiacha hapo huenda fundi akaokoa meno yaliyobaki.

Jambo la pili ni grisi, na hili linatuhusu sisi wa pwani hasa. Tuna mazoea ya kupaka grisi kila bolti ili chumvi isiile, na ni mazoea mazuri. Lakini namba za vitabu, kama hazikusema vingine, ni za meno makavu na safi. Grisi inapunguza msuguano, kwa hivyo kwenye mlio ule ule bolti inakuwa imevutika zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwa bolti ya oili mimi nafuta meno yake kwa kitambaa, napangusa na tundu, na sipaki kitu, maana pale ndani oili ipo tayari na nje washa inaziba. Kwa akseli napaka grisi nyembamba kwenye chuma chake, si kwenye meno.

Plagi nayo iko kwenye alumini, tena juu kwenye kichwa cha injini ambapo kosa ni ghali zaidi. Plagi ya meno ya milimita 12 hutaka 15 hadi 20, ile nyembamba ya milimita 10 hutaka 10 hadi 12. Hiyo ya pili iko ukingoni mwa spana yangu, kwa hivyo kama ningekuwa na plagi ndogo ningeifunga kwa vidole hadi ikae, kisha nusu mzunguko kwa plagi mpya, basi. Injini iwe imepoa.

Vioo, namba, kifuniko cha cheni, taa za kuonyesha njia, vyote hivyo mkono unatosha. Na nati za kichwa cha injini nazo zinahitaji kipimo kikali, lakini hizo sizigusi, kwa sababu aliyefika huko ameshafungua vitu ambavyo mimi sijui kuvirudisha.

Meno mapya

Pikipiki yangu iliokolewa na fundi mmoja wa kukereza vyuma upande wa Changamwe. Tuliipakia kwenye pikapu ya jirani. Akailaza ubavu juu ya magunia, betri imetolewa na petroli imemwagwa kwanza. Akapanua tundu kwa drili ya kuzungushwa kwa mkono, polepole, akachonga meno mapya mapana kwa kifaa alichokipaka grisi nzito ili vumbi la alumini ligande humo lisianguke ndani. Kisha akazungusha ndani helikoili, yaani springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ambayo meno yake ya ndani ni yale yale ya bolti ya zamani, ya milimita 12. Baada ya hapo alimimina oili nyepesi ya bei rahisi juu na kuiacha itoke chini, mara mbili, akaipokea kwenye sahani nyeupe na kuitazama juani. Mara ya kwanza kulikuwa na punje tatu zinazong'aa. Mara ya pili hapakuwa na kitu.

"Sasa pana nguvu kuliko kiwandani," akanambia, "lakini usinipe kazi tena."

Nyumbani niliweka washa mpya ya shaba. Nikaizungusha bolti kwa vidole vitupu, mizunguko mitano bila kukwama, maana isipoingia kwa vidole imeingia upande. Nikaweka spana kwenye 25, nikaishika katikati ya mpini kwa mkono mmoja, nikavuta kama mtu anayefungua mlango wenye mtoto aliyelala ndani.

Tak.

Nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Mkono wangu ulitaka kuongeza. Kwa kweli ulisogea kuongeza, na nikauzuia. Nikachora mstari mdogo wa rangi nyeupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye kesi, ili nikiinama asubuhi nione kama imesogea, nikatandika boksi jipya chini.

Alfajiri boksi lilikuwa kavu. Kesho yake pia. Wiki iliyopita nilipitia kwa fundi wa kijiweni chetu, ambaye kwa miaka amekuwa akinibadilishia oili, nikamwonyesha ule uzi wa alumini wenye rangi mbili, ambao nimeuweka kwenye kikopo cha dawa. Sikumlaumu, na yeye hakujitetea. Aliutazama muda mrefu, akaugeuza kwa kucha. Kisha akaniuliza kama washa za shaba za 12 nilizipata duka gani, na kama Ijumaa naweza kumwachia ile spana ndogo mpaka jioni.

Nimemwandikia 25 kwa kalamu kwenye mkanda wa karatasi, nikaubandika kwenye mpini.